Aya Moja, Rasimu Tatu: Kisa cha Mwanafunzi Aliyebadilisha Maneno Akaiacha Sentensi

## Usuli

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa uzamili wa isimu ya Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Tanzania. Mimi nilikuwa msimamizi wake. Nimekiandika kwa ridhaa yake na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha: jina, chuo, mji alikokusanya data na mwaka. Humu namwita Bi. Z. Makala ya jarida iliyozua suala zima nayo nimeificha. Aya utakayoisoma hapa chini nimeitunga kwa mfano wa ile halisi, nikibakiza mpangilio wa hoja na aina ya makosa yaliyofuata. Mtunzi wa makala namwita Mwandishi A, na mtu ambaye Mwandishi A alimrejelea ndani ya aya hiyo namwita Mwandishi B. Miaka na kurasa ni za mfano tu.

Utafiti wa Bi. Z ulihusu tahajia ya maneno ya mkopo katika mabango ya maduka na karakana za mji mmoja wa pwani. Alitembea mtaa kwa mtaa na simu yake akipiga picha. Swali lake lilikuwa zuri: kwa nini neno moja, katika mtaa mmoja, linaandikwa *spea* kwa fundi huyu na *sipea* kwa fundi yule? Kwa nini kuna *friji* na *firiji*, *glasi* na *gilasi*? Data aliijua kama anavyojua njia ya kwao. Ugumu ulikuwa katika sura ya pili, mapitio ya kazi tangulizi, ambako alipaswa kueleza watafiti wengine wamesema nini kabla yake.

Alikuwa amefundishwa, kama wengi wetu tulivyofundishwa, kwamba ili kuepuka wizi wa kitaaluma ni lazima "abadilishe maneno" kisha aweke jina la mwandishi na mwaka. Alilifuata agizo hilo kwa uaminifu kabisa, na kisa chote kimetoka hapo.

## Aya ya chanzo

Aya ya Mwandishi A, uk. 47, ilikuwa hivi:

> Maneno ya kigeni yanapoingia katika Kiswahili hupitia utohozi, yaani hurekebishwa yafuate kanuni za kifonolojia za lugha pokezi. Kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili ni silabi wazi, neno linaloishia na konsonanti kwa kawaida huongezewa irabu mwishoni, kama ilivyotokea katika *kitabu* kutoka Kiarabu *kitab*. Mwandishi B (1994) anaeleza kuwa wazungumzaji huenda hatua moja zaidi na kuichukua sehemu ya mwanzo ya neno kama kiambishi cha ngeli; ndiyo maana tunapata *vitabu*, *vilabu* na *vipilefti*. Hata hivyo, baadhi ya maneno, hasa yale yaliyoingia katika miongo ya karibuni, huelekea kubaki na konsonanti zinazofuatana bila kutenganishwa kwa irabu, kama katika *skrini* na *programu*. Huenda hali hii inahusiana na kuongezeka kwa idadi ya wazungumzaji wanaojua Kiingereza.

Ni aya ya kawaida ya jarida: sentensi tano, dai kuu moja, rejeleo moja la mtu mwingine, na dhana moja ya tahadhari mwishoni.

## Rasimu ya kwanza

Bi. Z aliniletea sura yake ikiwa na aya hii:

> Maneno ya nje yanapoingia kwenye Kiswahili hupitia ukopaji, yaani hubadilishwa yaendane na sheria za kifonolojia za lugha inayopokea. Kwa sababu silabi za Kiswahili ni silabi fungulivu, neno linalomalizikia na konsonanti huongezewa vokali mwishoni, kama ilivyokuwa kwa *kitabu* kutoka Kiarabu *kitab*. Wazungumzaji huenda mbele zaidi na kuiona sehemu ya kwanza ya neno kama kiambishi cha ngeli; ndiyo sababu tuna *vitabu*, *vilabu* na *vipilefti*. Lakini maneno yaliyoingia miaka ya karibuni hubaki na konsonanti zinazofuatana bila kugawanywa kwa vokali, kama *skrini* na *programu*. Hali hii inasababishwa na kuongezeka kwa watu wanaojua Kiingereza (Mwandishi A, 2009).

Sura hiyo ilikuwa imeshapitishwa kwenye programu ya kupima mfanano, na ripoti ikaonesha kiwango kilicho chini ya ukomo wa chuo. Bi. Z alikuwa na amani. Mimi nilisimama kwenye maneno mawili: *silabi fungulivu*. Katika isimu ya Kiswahili hakuna istilahi hiyo. Kuna *silabi wazi* na *silabi funge*. Mtu anayezijua silabi wazi haziiti fungulivu, sawa na fundi seremala asivyoweza kuiita randa "kifaa laini". Nikahisi neno hilo limetoka kwenye kutafuta kisawe, halikutoka kwenye kuelewa. Nikaitafuta makala, nikaziweka aya mbili ubavu kwa ubavu.

Sentensi tano kwa sentensi tano. Mpangilio ule ule. Nukta mkato mahali pale pale. Mifano ile ile kwa mfuatano ule ule. Maneno yalikuwa yamepokezana nafasi kama wachezaji wa akiba: *kigeni* akatoka akaingia *nje*, *kanuni* akatoka ikaingia *sheria*, *irabu* ikaingia *vokali*, *kwa kuwa* ikawa *kwa sababu*. Programu inalinganisha mifuatano ya maneno, na mifuatano hiyo ilikuwa imekatwakatwa vya kutosha. Jicho la mtahini huona umbo la sentensi, na umbo lilikuwa la Mwandishi A tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilimwita ofisini. Sikumwambia neno "wizi". Nilimuuliza swali moja tu: "Silabi fungulivu ni nini?"

Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, ni silabi wazi, ila nimebadilisha neno."

"Na silabi wazi ni nini?"

Hapo hakuwa na jibu. Alijua kwamba yapo maneno hayo katika aya, na alijua kwamba asiyanakili. Kilichokuwa ndani ya maneno hakukijua.

## Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kulipeleka suala kwenye kamati ya idara, kwa sababu kwa kanuni nyingi za vyuo kufuata sentensi za mtu kwa kubadili visawe huhesabiwa kuwa wizi wa kitaaluma hata kama jina la mwenye kazi limetajwa. Au ningeweza kulitibu kama kosa la kujifunza, kwa kuwa sura ilikuwa bado rasimu, haijawasilishwa kutahiniwa, na chanzo kilikuwa kimetajwa. Nilichagua njia ya pili. Angekuwa ameshawasilisha tasnifu, nisingekuwa na haki ya kuchagua.

Uamuzi mwingine ulikuwa kuacha sura nzima na kushughulika na aya hii moja hadi ikae sawa. Bi. Z aliona ni kupoteza muda, kwani alikuwa na aya nyingine nyingi za namna hiyo. Nilishikilia msimamo kwa sababu makosa yote yaliyotawanyika katika sura yake yalikuwa yamekusanyika hapa: umbo la sentensi, istilahi, nguvu ya madai, na rejeleo lililopotea.

Tukaanza kwa kumaliza suala la silabi. Nilimpa maneno manne, *mama*, *mtu*, *labda* na *daftari*, nikamwambia ayagawe. *Ma-ma*: kila silabi inaishia na irabu, hizo ni wazi. *M-tu*: silabi ya kwanza ni nazali peke yake, haina irabu kabisa. *Lab-da* na *daf-ta-ri*: silabi ya kwanza inaishia na konsonanti, hiyo ni funge. Alipofika *daftari* aliinua uso. "Kumbe ndiyo maana ameandika *nyingi*!"

Ndiyo. Mwandishi A aliandika "silabi nyingi za Kiswahili". Bi. Z aliandika "silabi za Kiswahili". Neno moja lilidondoka, na dai lililokuwa la kweli likawa la uongo, uongo ambao *mtu* na *labda* wanaukanusha papo hapo.

Tulipitia aya yote kwa macho hayo, tukipigia mstari kila neno linalobeba nguvu ya dai. Katika chanzo tulipata *nyingi*, *kwa kawaida*, *baadhi*, *hasa*, *huelekea* na *huenda*. Katika rasimu yake hakikubaki hata kimoja. *Huenda inahusiana* ilikuwa imegeuka *inasababishwa*. Mwandishi A alikuwa ametoa dhana kwa tahadhari, Bi. Z alikuwa amemsingizia kwamba amethibitisha chanzo cha jambo. Na *utohozi* uligeuzwa *ukopaji*, ingawa kukopa neno ni kulichukua kutoka lugha nyingine, na kulitohoa ni kulirekebisha limudu kukaa katika lugha yako. Anayesoma rasimu ile angeambiwa kwamba maneno yanapoingia katika Kiswahili hukopwa, sentensi isiyomwongezea kitu.

Niseme wazi hapa kwamba istilahi hazibadilishwi. *Utohozi*, *silabi wazi*, *konsonanti*, *kiambishi cha ngeli* ni mali ya fani nzima, na hakuna atakayekushtaki kwa kuzitumia. *Vokali* badala ya *irabu* inakubalika kwa kuwa wanaisimu hutumia zote mbili, lakini chagua moja uishike katika tasnifu yote. Bi. Z alitumia *irabu* katika sura ya kwanza na *vokali* katika ya pili. Mtahini akiona hivyo hujiuliza mkono ulioandika sura ya pili ni wa nani.

## Rasimu ya pili

Nilimwambia asome aya tena mpaka aridhike, afunge makala, kisha aandike bila kuitazama. Hii ni mbinu inayofundishwa sana, na nilidhani ingetosha. Aliniletea hii:

> Waswahili hawawezi kutamka neno linaloishia na konsonanti, kwa hiyo huongeza irabu. Siku hizi, kwa sababu ya elimu ya Kiingereza, tatizo hilo limepungua (Mwandishi A, 2009, uk. 47).

Hakuna aliyeweza kusema kwamba sentensi hizi zimenakiliwa. Zilikuwa zake kwa asilimia mia, na ukurasa ulikuwa umetajwa. Lakini hakuna hata dai moja humu ambalo Mwandishi A alilitoa kwa namna hii. Hakusema kwamba watu *hawawezi*. Alizungumzia kanuni za lugha, hakuzungumzia uwezo wa midomo ya wazungumzaji. Hakuita jambo hilo *tatizo*. Hakutaja *elimu*. Isitoshe, mambo mawili tofauti yalikuwa yamechanganywa: irabu inayoongezwa mwishoni mwa neno, na konsonanti zinazofuatana ndani ya neno. *Skrini* ina konsonanti tatu mfululizo mwanzoni lakini bado inaishia na irabu. Kanuni ya mwisho wa neno haijaguswa. Kilichoachwa ni kuzitenganisha konsonanti.

Kwa maoni yangu rasimu hii ilikuwa na madhara makubwa kuliko ya kwanza. Rasimu ya kwanza ilichukua sentensi za mtu. Hii ilimtia mtu maneno mdomoni na kuweka namba ya ukurasa kama ushahidi. Msomaji anayeiamini ataondoka akidhani kuna mtafiti aliyesema Waswahili hawawezi kutamka, na anaweza kumnukuu hivyo naye.

Bi. Z aliumia. "Nikiwa karibu na aya nanakili, nikienda mbali nakosea. Nikae wapi?" Lilikuwa swali la haki, na ndilo lililotufikisha kwenye rasimu ya tatu.

## Rasimu ya tatu

Kilichobadilika ni swali la kuanzia. Rasimu mbili za mwanzo zilijibu swali "Mwandishi A amesema nini?" Nilimuuliza, "Mabango yako yanamhitaji Mwandishi A kwa jambo gani?" Alifikiri, kisha akanieleza kwa mdomo, kama mtu anayemsimulia mwenzake kwenye daladala, kwamba mabango yake hayana wingi wa *vipilefti*, kwa hiyo suala la ngeli halimhusu. Kinachomhusu ni *spea* na *sipea*: mmoja ameacha konsonanti zifuatane, mwingine amezitenganisha kwa irabu. Mwandishi A ana sentensi inayogusa jambo hilo hilo, ingawa yeye anazungumzia maneno mapya na yeye Bi. Z ana neno moja lenye sura mbili.

Nikamwambia, "Andika hayo uliyoyasema."

Kabla ya kuandika alijaza kipande cha karatasi, na hili lilikuwa wazo lake mwenyewe. Hakuandika sentensi, aliandika vishazi tu: *silabi nyingi wazi → konsonanti mwishoni → irabu (kwa kawaida)*, *baadhi, hasa mapya → konsonanti zabaki (huelekea)*, *Kiingereza? (huenda)*. Maneno ya nguvu aliyaweka kwenye mabano ili asiyapoteze. Makala ikafungwa, karatasi ikabaki mezani. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya kukaa aliyokuwa akiitafuta: umbo la sentensi limekwenda, lakini madai na uzito wake yamebaki mbele ya macho.

> Mwandishi A (2009, uk. 47) anaonesha mielekeo miwili ya utohozi inayohusu tahajia moja kwa moja. Wa kwanza ni wa mwisho wa neno: kwa vile silabi za Kiswahili kwa sehemu kubwa ni wazi, maneno ya kigeni yasiyo na irabu mwishoni kwa kawaida hupewa moja. Wa pili unahusu konsonanti zinazofuatana. Hapa anaona kwamba baadhi ya maneno, na zaidi yaliyokopwa karibuni, huelekea kuziacha bila kuzitenganisha, na anadokeza kwamba kuenea kwa Kiingereza miongoni mwa wazungumzaji huenda kuna uhusiano na jambo hilo. Data ya utafiti huu inagusa mwelekeo wa pili, lakini inauonesha kwa namna tofauti: katika mtaa mmoja neno lile lile linapatikana kama *spea* na kama *sipea*. Kwa hiyo umri wa neno pekee hautoshi kueleza tofauti hiyo.

Sentensi mbili za mwisho ni zake. Hazimo kwa Mwandishi A, na hakuna msomaji atakayedhani zimo, kwa kuwa maneno "Data ya utafiti huu" yanafunga mlango uliofunguliwa na "Mwandishi A anaonesha". Katika rasimu ya kwanza rejeleo lilikuwa limetundikwa mwishoni mwa aya ya sentensi tano, na hakuna aliyeweza kujua linabeba sentensi ya mwisho tu au zote. Jina likikaa mwanzoni na vitenzi kama *anaona* na *anadokeza* vikiendelea kumrejea yeye, mpaka unaonekana.

Vitenzi hivyo navyo tulivijadili. Bi. Z aliandika kwanza *anathibitisha* mahali pa *anadokeza*, kwa sababu aliona *anathibitisha* ni la kitaaluma zaidi. Lakini Mwandishi A alisema *huenda*, na anayesema *huenda* hajathibitisha. Kitenzi cha kurejelea ni sehemu ya maana sawa na sentensi inayokifuata.

Tulimaliza kwa kufungua makala na kulinganisha mara tatu, kila mara kwa jambo moja. Mara ya kwanza tulifuata madai: kila dai katika rasimu lina mahali pake katika chanzo, na lina uzito ule ule? Hapo tuligundua kwamba aliandika "maneno mengi", tukarudisha "baadhi ya maneno". Mara ya pili tulifuata maneno: ukiacha istilahi, je, kuna mfululizo wa maneno uliotoka kwa Mwandishi A? Maneno *kwa kawaida*, *baadhi ya maneno*, *huelekea* na *huenda* yalikuwepo kwake pia, tukayaacha, kwa kuwa ni maneno ya kawaida ya lugha na kuyabadilisha kungehatarisha uzito wa dai. Mara ya tatu tulifuata mifano: *kitabu*, *skrini* na *programu* hazikuonekana tena, kwa sababu Bi. Z sasa alikuwa na mifano yake.

## Suala la Mwandishi B

Katika rasimu ya kwanza Mwandishi B alitoweka. Hoja ya ngeli ilikuwa ya B, A akaitaja kwa heshima, Bi. Z akamfuta B na kuikabidhi hoja kwa A. Hakukusudia, aliona jina jingine ndani ya aya kama kitu kinachorefusha sentensi.

Rasimu ya tatu haikuhitaji hoja hiyo, lakini Bi. Z aliihitaji katika sehemu nyingine ya sura, sentensi moja tu. Jibu lake la haraka lilikuwa kuandika "(Mwandishi B, 1994)" na kuendelea. Nilimkatalia, kwa kuwa hakuwa amemsoma B. Alimjua kwa kupitia A. Kwa mtindo wa APA, ambao idara yetu inautumia, mwenye kazi usiyoiona hutajwa pamoja na yule uliyemsoma: (Mwandishi B, 1994, kama alivyonukuliwa na Mwandishi A, 2009, uk. 47), na katika orodha ya marejeleo anaingia A peke yake. Hiyo ni njia ya dharura, kwa kitabu kisichopatikana. Kitabu cha B kilikuwepo maktaba, hatua chache kutoka alipokuwa akikaa kuandika.

Alikwenda akakisoma. Alirudi na jambo ambalo sikulitarajia: B alizungumzia *kitabu* na maneno mengine machache yanayoanza na *ki*. *Vipilefti* haikuwamo. Mfano huo ulikuwa wa Mwandishi A mwenyewe, ameuunganisha na hoja ya B kwa nukta mkato, na aya yake inaruhusu usomaji wa namna mbili. Bi. Z angeandika kwamba B alitoa mfano wa *vipilefti*, angekuwa amebuni ushahidi bila kujua.

## Matokeo

Sura ya pili ilichukua wiki sita zaidi ya ratiba. Aya nyingine za namna ile zilikuwa kumi na nne. Tisa ziliandikwa upya kwa njia ya karatasi ya vishazi. Tatu zilifutwa kabisa, kwa sababu alipojiuliza mabango yake yanazihitaji kwa jambo gani, hakupata jibu. Mbili zilibaki kama nukuu za moja kwa moja ndani ya alama za kunukuu, na zote zilikuwa fasili. Fasili ya *tahajia sanifu* katika mojawapo ilikuwa imepimwa neno kwa neno na mtunzi wake. Kila tulipojaribu kuieleza upya ilivuja. Tukaiacha ilivyo.

Tasnifu ilitahiniwa ikapita na marekebisho madogo. Mtahini wa nje alitaka hoja ya *spea* na *sipea* ipanuliwe. Ni hoja iliyozaliwa katika sentensi ya mwisho ya rasimu ya tatu.

## Uchambuzi

Nikitazama nyuma, naona kwamba nililitambua tatizo kwa dalili ya istilahi, si kwa ripoti ya mfanano. Ripoti ile ilisema kweli kuhusu ilichopima. Haikupima umbo la sentensi, haikupima maana, na haikuwa na njia ya kujua kwamba B ameachwa njiani. Kisawe kigeni mahali pa istilahi ni dalili inayoaminika zaidi, na inaonekana bila mashine yoyote. Dalili ya pili ni idadi na mpangilio wa sentensi. Nikikuta aya ya mapitio yenye mifano ya chanzo kwa mfuatano wa chanzo, naifungua makala.

Kufunga makala na kuandika kutoka kichwani hakukufaa kwa mtu ambaye hajaielewa aya. Kumbukumbu hushika wazo kubwa na kudondosha *baadhi* na *huenda*, na katika maandishi ya kitaaluma maneno hayo madogo ndiyo yanayotofautisha ugunduzi na dhana. Ningepaswa kumpima kwanza kwa maswali juu ya aya yote, kama nilivyofanya kuhusu silabi kwa *mtu* na *daftari*, kisha ndipo nimwambie afunge. Rasimu ya pili na maumivu yake ni kosa la mpangilio wangu.

Karatasi ya vishazi ilifaa kwa sababu ilibeba vitu viwili tu, dai na uzito wake. Nimeona wanafunzi wengine wakiijaza sentensi kamili, na hapo inageuka kuwa nakala ya pili ya chanzo, ikarudisha umbo lile lile kwa mlango wa nyuma. Ina udhaifu mwingine pia: haiandiki yenyewe namba ya ukurasa. Bi. Z alikuwa na maelezo mengi ya mwaka wa kwanza bila kurasa, na sehemu kubwa ya zile wiki sita iliishia maktaba akifukua aya alizozisoma zamani. APA hailazimishi ukurasa pale mtu anapoeleza kwa maneno yake, inaruhusu tu uwekwe pale unapomsaidia msomaji, na wanafunzi wengi husikia hilo kama ruhusa ya kutouandika popote. Sasa wanafunzi wangu wanauandika juu ya karatasi kabla ya kishazi cha kwanza, hata kama hautaingia katika tasnifu.

Lililobaki bila ufumbuzi ni muda. Aya moja ilituchukua vikao vinne. Kwa mwanafunzi mmoja inawezekana. Kwa darasa la watu hamsini haiwezekani. Nimejaribu kuifanya kazi ya wawili wawili, mmoja akimsimulia mwenzake aya bila karatasi na mwenzake akiwa ameishika makala, akimkatiza kila *baadhi* inapogeuka *yote*. Hufanya kazi pale msikilizaji naye anapojua silabi wazi ni nini. Asipojua, wote wawili hukubaliana juu ya kosa lile lile, na hurudi kwangu wakiwa na *silabi fungulivu* mbili.